Dola ilipopanda, rejesho langu likakwama

Ujumbe wa benki uliingia mwishoni mwa Juni 2024 nikiwa chini ya gari, mikono imejaa grisi. Rejesho la mkopo wangu, shilingi 270,000, limeshindikana kwa sababu akaunti haina salio la kutosha. Nilidhani mshahara umechelewa. Nilipofungua simu nikakuta umeingia asubuhi ileile, shilingi 266,900. Nilikuwa nimepungukiwa shilingi 3,100 tu.

Kilichoniudhi ni kwamba mwezi ule ndio tulikuwa tunatembea vifua mbele. Mimi ni msimamizi wa karakana ya magari ya safari hapa Arusha, na mshahara wangu ulikuwa na mafungu mawili: dola 500 zinazoingia kwenye akaunti ya dola, na shilingi zinazoingia kwenye akaunti ya kawaida. Dola ilikuwa imepanda mpaka karibu 2,620. Ndugu walikuwa wananipigia kunipongeza kana kwamba nimepandishwa cheo. Sasa mtu aliyepandishwa cheo anashindwaje kulipa rejesho alilolilipa mwaka mzima bila shida?

Nirudi nyuma kidogo. Niliajiriwa mwanzoni mwa 2022. Kwenye simu bosi alisema "dola 900 kwa mwezi", nami nikakubali dola 900. Barua ilipokuja ilikuwa imeandikwa dola 500 na shilingi 920,000. Nikapiga hesabu palepale: dola ilikuwa 2,300, kwa hiyo shilingi 920,000 ni dola 400 kamili. Jumla 900. Nikasaini. Mwaka 2022 wote kiwango kilikaa katika 2,300 na kitu, hakuna aliyekuwa na sababu ya kuisoma barua ile mara ya pili. Mwaka 2023 dola zikaanza kuadimika nchini, kiwango kikapanda taratibu, na mwaka ulipokwisha tulikuwa tumefika karibu 2,500.

Siku ya ule ujumbe nilinawa mikono nikapanda ofisini kwa dada wa uhasibu. Nilikwenda na hasira, nikiamini kuna makato mapya ambayo hatukuambiwa. Akanisikiliza, akafungua salari slipu yangu ya mwezi wa kwanza kabisa akaiweka kando ya ile ya Juni.

"Kaka, dola zako sisi hatuzigusi," akasema. "Unazipata 500 kavu. Lakini kodi haijui kama una mafungu mawili. Kodi inaangalia jumla, na jumla inaandikwa kwa shilingi."

Akanionyesha kwa kalamu. Mwezi wa kwanza dola 500 kwa 2,300 ni shilingi 1,150,000. Ongeza 920,000, mshahara wote unakuwa 2,070,000. NSSF wanachukua asilimia 10 upande wa mfanyakazi, yaani 207,000. Inayobaki, 1,863,000, ndiyo inayotozwa kodi ya mshahara. Kwenye ngazi za kodi, aliyevuka milioni moja analipa 128,000 pamoja na asilimia 30 ya kinachozidi ile milioni. Kwangu ikawa 386,900. Makato yote mawili, 593,900. Na yote yanatolewa kwenye fungu la shilingi, kwa sababu ndilo fungu ambalo ofisi inalishika kwa shilingi. Mkononi zinabaki 326,100, na dola 500 hazijaguswa.

Kisha Juni 2024. Dola zilezile 500 kwa 2,620 ni 1,310,000. Jumla imepanda hadi 2,230,000. NSSF 223,000, kodi 430,100, makato 653,100. Toa hayo kwenye 920,000 ambayo haijaongezeka hata shilingi: 266,900.

Nilikaa kimya. Hakukuwa na wizi wala kosa. Kila dola ilipopanda shilingi moja, mshahara wangu kwenye karatasi ulipanda shilingi 500, na katika hizo 500 shilingi 185 zilikwenda NSSF na kwenye kodi. Hizo 185 zilichotwa kwenye akaunti ya shilingi, ile iliyokuwa inalipa mkopo, umeme, nauli na mboga. Nilikuwa natajirika upande mmoja wa karatasi na kupungukiwa upande wa pili. Nikijumlisha yote kwa kiwango cha siku ile kweli nilikuwa mbele, sikatai. Lakini benki iliyonikopesha haikutaka jumla yangu, ilitaka shilingi 270,000 kwenye akaunti ile, siku ile.

Mchana kwenye chakula nikawasimulia wenzangu wawili. Mmoja anasimamia waongoza watalii, mwingine ni wa stoo ya vipuri. Sote tulikuwa tunasema tunalipwa "mia tisa, mia tano kwa dola". Tukakubaliana kila mtu alete barua yake kesho, jambo ambalo watu huwa hawapendi kulifanya. Nashukuru tulilifanya.

Barua ya yule wa waongoza watalii ilisema mshahara ni dola 900, ambapo 500 zitalipwa kwa dola na 400 zitalipwa kwa shilingi kwa kiwango cha siku ya malipo. Barua ya yule wa stoo ilisema mshahara ni shilingi 2,070,000, ambapo dola 500 zitalipwa kwa dola na kinachobaki kwa shilingi. Yangu ilitaja mafungu mawili, kila moja na tarakimu yake, bila jumla. Siku tuliposaini, dola ikiwa 2,300, sote watatu tulikuwa na mshahara mmoja mpaka shilingi ya mwisho: dola 500 na shilingi 326,100 mkononi.

Juni ile, baada ya makato, yule wa waongoza watalii alipata dola 500 na shilingi 347,540. Mimi dola 500 na 266,900. Wa stoo dola 500 na shilingi 166,100.

Yule wa stoo alicheka kwanza, halafu akaacha kucheka. Miezi yote alikuwa anadhani mkewe anatumia vibaya. Kumbe kwake mshahara ulikuwa umefungwa kwenye shilingi: dola zake 500 zilipozidi kuwa ghali, zilikula nafasi ya shilingi zake, maana jumla hairuhusiwi kupita 2,070,000. Makato yake hayakubadilika hata kidogo, kwa sababu jumla haikubadilika. Alichokosa ni faida ya dola kupanda, ingawa dola alikuwa anazishika mkononi kama sisi. Yule wa kwanza alikuwa amefungwa kwenye dola. Mimi nilikuwa nimefungwa huku na huku: nusu moja inaelea, nyingine imeganda. Zile shilingi 920,000 zilizokuwa dola 400 mwaka 2022, kwa 2,620 zilikuwa kama dola 351. Mshahara wa "mia tisa" nilioahidiwa kwenye simu ulikuwa umeshakuwa mia nane hamsini na moja, na hakuna aliyenipunguzia.

Nimewahi kusikia watu wakisema kulipwa kwa mafungu mawili ni kugawa hatari, ukikosa huku unapata kule. Labda. Lakini hilo linategemea sentensi moja ya kwenye barua, ile inayosema kipi ndicho mshahara na kipi ni njia tu ya kuulipa. Kama barua haitaji jumla, basi una mishahara miwili midogo, na kila mmoja utaupigania kivyake siku ya nyongeza. Ofisi ilipotoa nyongeza ya asilimia tano mwaka 2023 iliihesabu kwenye fungu la shilingi la wale wapya tu, sisi wengine tukaambiwa dola imeshatuongezea. Hiyo ni hadithi nyingine, tuiache.

Kulikuwa na jambo la pili ambalo dada wa uhasibu ndiye aliyeniambia, tena kwa bahati, nilipomuuliza hiyo 2,620 ameitoa wapi. Ni kiwango cha Benki Kuu cha siku ya kuandaa malipo. Benki Kuu inatoa viwango vitatu, cha kununua, cha kuuza na cha wastani, naye alikuwa anatumia cha wastani. Mimi siwezi kubadilisha dola zangu Benki Kuu. Nilikuwa nakwenda benki yangu, na siku ile wao walikuwa wananunua dola kwa 2,560. Tofauti ni shilingi 60 kwa kila dola, kwa dola 500 ni shilingi 30,000. Yaani karatasi ilisema dola zangu ni 1,310,000, mimi nikazishika 1,280,000. Na zile 30,000 ambazo sikuzishika zilikuwa zimeshakatwa kodi na NSSF, shilingi 11,100. Si fedha nyingi kwa mwezi mmoja, lakini ni za kila mwezi.

Kuna wanaokwepa hilo kwa kuuza dola mkono kwa mkono kwa mtu anayesafiri. Hapa Arusha watu wengi tunakumbuka operesheni ya Novemba 2018 kwenye maduka ya kubadilisha fedha, kwa hiyo mimi mambo ya kuhesabiana dola ndani ya gari sijawahi kuyataka. Isitoshe mwaka ule wa uhaba hata kuzitoa dola zenyewe taslimu kwenye akaunti ilikuwa kazi. Unaambiwa leo tuna mia mbili, rudi Alhamisi.

Nilichofanya ni kumwomba dada jambo ambalo nilidhani atalikataa: kila mwezi ofisi ibakie na dola zangu 100 na kunilipa thamani yake kwa shilingi, kwa kile kiwango cha wastani anachonikatia kodi. Hakukataa. Kampuni ilikuwa inatafuta dola kwa tochi ili kuagiza vipuri nje, dola 100 za kila mfanyakazi aliyekubali zilikuwa faraja kwao. Tukaandikishana kwenye karatasi moja yenye sahihi mbili. Kuanzia Julai akaunti yangu ya shilingi ikawa inapokea ile iliyobaki baada ya makato pamoja na zile dola 100 kwa kiwango kamili. Rejesho halikukwama tena. Na uzuri wake, dola ikipanda makato yanaongezeka, lakini zile 100 nazo zinaleta shilingi zaidi.

Hapo nilijiona nimeshakuwa mchumi. Ndipo nikafanya kosa langu kubwa.

Kuanzia Julai nilianza kuziweka dola 300 kila mwezi bila kuzibadilisha. Septemba kiwango kilipita 2,700 na kila mtu mjini alikuwa anasema mwaka mpya utaikuta dola 3,000. Oktoba nilikuwa na dola 1,200. Benki ilikuwa inanunua kwa 2,650 nilipouliza Septemba, na kwa bei ile zingekuwa 3,180,000. Nikasema nasubiri, ada ya watoto ni Januari.

Nilisahau jambo ambalo mtu wa utalii hapaswi kulisahau. Shilingi yetu ina msimu. Miezi ya Januari mpaka Juni dola huwa chache, baadaye zinaanza kuingia: watalii wa Julai mpaka Oktoba wamelipa, korosho na mazao mengine yanauzwa nje. Mwaka ule shilingi ilipoanza kupata nguvu haikwenda taratibu, ilikwenda kwa kasi. Desemba dola ilikuwa karibu 2,400. Watu waliokuwa wameficha dola wakaanza kuzitoa wote kwa wakati mmoja, na kila aliyezitoa aliisukuma bei chini zaidi.

Mwishoni mwa Desemba benki ilinunua dola zangu 1,200 kwa 2,330. Nilipata 2,796,000. Upungufu wa shilingi 384,000 ukilinganisha na ile Septemba niliyoidharau. Machi kiwango kilikuwa kimesharudi 2,600 na zaidi, lakini shule hazifunguliwi Machi. Hapo ndipo niliposhika jambo moja ambalo nalifuata hadi leo: dola ambayo ina kazi ya shilingi yenye tarehe, naibadilisha mwezi uleule inapoingia. Inayobaki bila kazi ndiyo inaweza kulala.

Yule wa stoo Desemba ile alikuwa na furaha yake ya pekee. Dola iliposhuka shilingi zake mkononi zilipanda kutoka 166,100 ya Juni hadi 276,100. Akanunua mbuzi wa Krismasi na kutualika, akatuambia kwamba barua yake ndiyo nzuri kuliko zote. Nikamwambia ale mbuzi kimya.

Mwishoni mwa Machi 2025 zikatangazwa kanuni za kuzuia bei na malipo ya bidhaa na huduma za ndani kufanywa kwa fedha za kigeni, na mikataba iliyokuwapo ikapewa muda wa mwaka mmoja. Kama mshahara nao umo au haumo, wanasheria walibishana wao. Ofisi yetu ikaamua kuwa salama: kila mtu atahamia kwenye shilingi tupu.

Sasa swali likawa moja tu, dola 500 ni shilingi ngapi. Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba mtu anaweza kuulizwa swali lile mara moja kisha jibu likakaa miaka yote. Mwezi Mei, tulipoitwa kwenye kikao cha kwanza, dola ilikuwa karibu 2,690, yaani shilingi 1,345,000. Tukasema tuandike leo. Ofisi ikasema hakuna haraka, muda bado upo, tusubiri maelekezo. Tukasubiri. Oktoba wakatuita tena, wakiwa na barua zilizoshachapwa, kwa kiwango cha siku: karibu 2,450. Dola zilezile 500 zikawa 1,225,000. Tofauti ya shilingi 120,000 kila mwezi kwa sababu ya tarehe ya kikao.

Sitaki kusema walisubiri makusudi. Lakini msimu wanaujua kuliko mimi.

Safari hii sikwenda na hasira. Nilikwenda na daftari. Nilikuwa nimeandika kiwango cha wastani cha Benki Kuu cha kila mwisho wa mwezi tangu Novemba 2024, miezi kumi na miwili, nikasema siku moja ya Oktoba isiamue mshahara wa miaka, wala siku moja ya Mei isiamue, tuchukue wastani wa mwaka mzima. Dada wa uhasibu alikuwa kikaoni, hakusema kitu, ila nilimwona anaandika. Nikaongeza na lile la zamani, kwamba zile shilingi 920,000 zilikuwa dola 400 siku ya kuajiriwa, kwa hiyo nazo zihesabiwe upya.

Hilo la pili walilikataa palepale. Bosi alifungua barua ya 2022 akaniwekea kidole kwenye mstari. Imeandikwa shilingi, na sahihi ni yako. Ni kweli, sikuwa na la kujibu. La kwanza tulibishana wiki mbili, tukakutana kwenye 2,550. Dola 500 zikawa shilingi 1,275,000, jumla na zile 920,000 ni 2,195,000. Baada ya NSSF na kodi napokea 1,554,850, mstari mmoja, akaunti moja. Akaunti ya dola nimeiacha wazi ina dola 40.

Nyumba ninayopanga nilikuwa nalipa dola 120. Mama mwenye nyumba naye zile kanuni zilimfikia, akaniita barazani, akaniambia kwa upole kwamba sasa tutaandikishana kwa shilingi, mwanangu, dola 120 kwa 2,700 ni 324,000. Oktoba nilimkumbusha kwamba dola imeshuka. Akasema ameshasahau mambo ya dola, serikali imeyakataza. Yeye aliandika mkataba wake mwezi Mei.